Jibu kabla hujaulizwa: maswali sita chini ya tangazo lako la vifaranga

Leo siongelei ugonjwa wala bei ya chakula. Naongelea tangazo, na hasa yale maneno mnayoandika chini ya picha ya vifaranga kwenye WhatsApp na Instagram.

Vijana wengi wa Dar wanaolea vifaranga wanaandika hivi: "Vifaranga chotara wanapatikana, wamechanjwa, tupo Dar, bei poa, karibu inboksi." Halafu simu inaanza kulia. Bei gani? Wana umri gani? Mpo wapi? Wamechanjwa nini? Mpo Kariakoo? Mnaleta? Majike ni wangapi? Anajibiwa mmoja, anakuja wa pili na maswali yale yale, anakuja wa tatu. Ikifika saa 3 usiku kijana ameandika jibu moja mara kumi na tano, na kati ya hao waliouliza amenunua mmoja.

Msimamo wangu ni huu: hizo meseji nyingi mmezitengeneza wenyewe, na dawa yake ni fupi. Weka maswali sita na majibu yake chini ya maelezo ya bidhaa yako. Sita yanatosha.

Hasara iko wapi hasa

Najua kuna watakaosema meseji ni neema, kwamba mteja akiuliza ndipo unapata nafasi ya kumshawishi. Ndiyo maana wengine wanaficha bei makusudi. Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme kwa siku wanakuja watu ishirini, na kila mmoja anauliza mambo matano. Hayo ni majibu mia moja. Ukitumia dakika moja kwa jibu, umetumia zaidi ya saa moja na nusu kuandika vitu ambavyo havibadiliki.

Na saa hiyo inatoka wapi? Wateja wetu wengi wanaandika jioni wakishatoka kazini au wakishafunga duka. Jioni hiyo hiyo ndiyo saa ya banda. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na ukitaka kujua kama limetosha inabidi usimame uwaangalie. Wakijikusanya chini ya taa wana baridi. Wakikimbilia pembeni huku wamefungua midomo, joto limezidi. Hapa kwetu Dar hilo la kuzidi linatokea sana, na simu haikuonyeshi. Mtu anayejibu meseji akiwa bandani anaangalia skrini, haangalii kuku.

Upande wa pili ni mteja. Mtu anayetafuta vifaranga 100 hakuandikii wewe peke yako. Ameandikia wauzaji wanne kwa pamoja. Anayemjibu kwanza, au ambaye majibu yake yako wazi tayari, ndiye anayepata hela. Ukimjibu saa 4 usiku unakuta ameshakubaliana na mwingine.

Lakini hasara kubwa zaidi iko kwenye lile neno "wamechanjwa". Mteja akilisoma hivyo bila maelezo, anaelewa kwamba kazi imeisha. Anapeleka vifaranga nyumbani, harudii chanjo ya kideri, na baada ya miezi michache kideri kinapita mtaani na kulimaliza banda. Kundi lisilo na kinga linaweza kufa karibu lote. Wa kwanza kulaumiwa ni wewe uliyeandika "wamechanjwa". Kwa hiyo majibu haya yanakupunguzia meseji, na pia yanawalinda kuku wa mteja na jina lako.

Maswali usiyatunge kichwani

Kosa ninaloliona ni mtu kukaa na kutunga maswali anayotamani kuulizwa: "Kwa nini vifaranga wetu ni bora?" Hakuna mteja aliyewahi kuuliza hivyo. Maswali yako unayo tayari kwenye simu.

Fanya hivi. Fungua WhatsApp, chukua watu thelathini wa mwisho waliokuulizia vifaranga. Chukua daftari, andika kila swali kama lilivyoandikwa na mteja, kwa maneno yake. Likijirudia, weka alama ya fimbo pembeni. Ukimaliza, swali lenye fimbo tatu au zaidi linastahili kuangaliwa.

Halafu angalia kitu kimoja zaidi ambacho wengi hawakiangalii: swali la mwisho kabla mteja hajanyamaza. Mteja akiuliza "na wakifa njiani?" ukajibu "usijali kaka", kisha usimsikie tena, swali hilo ndilo lililokukosesha hela. Hata kama limetokea mara mbili tu, liingie kwenye orodha.

Sasa yagawe hayo maswali mafungu matatu, kwa sababu si kila swali linajibiwa kwa namna moja.

Fungu la kwanza ni mambo yasiyobadilika kwa kundi hilo la vifaranga: umri, aina, chanjo, mahali, namna ya kulipa, utaratibu wa kufa. Haya ndiyo yanaingia kwenye maswali na majibu.

Fungu la pili ni mambo yanayobadilika kila wiki: bei na idadi iliyobaki. Haya yakae juu kabisa kwenye mstari wake, na tarehe pembeni.

Fungu la tatu ni yale yanayoonekana kama maswali lakini si maswali. "Mwisho bei gani?" ni mapatano ya bei. "Kweli mpo?" ni mtu anayeogopa kutapeliwa. Nchi hii kila mtu ameshapokea ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii", kwa hiyo usimshangae. Fungu hili orodha haiwezi kulimaliza, ila inaweza kulipunguza, na nitaonyesha namna.

Mfano kamili

Tuchukue kijana anayelea kuroila Chanika, anawanunua wakiwa wa siku moja, anawalea mwezi mmoja, kisha anawauzia wafugaji wa mjini na mikoani. Bei, siku na idadi hapa ni za mfano, weka za kwako. Tangazo lake jipya linakuwa hivi:

VIFARANGA CHOTARA (KUROILA), SIKU 30
Sh 6,000 kila mmoja. Kuanzia 100 ni Sh 5,500. Wapo 400.
Bei na idadi ni za tarehe 3 Machi. Tupo Chanika, Dar es Salaam.

MASWALI TUNAYOULIZWA SANA

1. Wamechanjwa nini?
Mareks siku ya 1 (walikototoleshwa), kideri siku ya 7 na ya 21, Gumboro siku ya 14 na ya 28. Bado ndui, wiki ya 6 hadi ya 8, na kideri kila baada ya miezi 3. Hizo utachanja wewe.

2. Majike ni wangapi?
Wamechanganyika, hatujachambua. Hatuahidi idadi ya majike.

3. Bado wanahitaji joto la taa?
Kwa Dar hapana, wakinge upepo na mvua tu. Mikoa ya baridi wape joto usiku kwa wiki ya kwanza.

4. Mpo Kariakoo? Mnaleta?
Banda lipo Chanika. Ukija tunakutolea nje uchague, bandani haingii mtu. Kuanzia 50 tunakabidhi Gerezani, Kariakoo, Jumanne na Ijumaa saa 1 asubuhi. Usafiri analipa mteja.

5. Nalipaje?
Ukija, unalipa baada ya kuhesabu. Tukikuletea, unatanguliza robo kwa Lipa Namba na kumalizia ukishapokea.

6. Wakifa je?
Tunahesabu na kukagua pamoja wakati wa kukabidhi. Akifa ndani ya saa 24, tuma picha, tunakupa mwingine au tunarudisha pesa yake.

Basi. Mteja anayasoma kwa dakika moja. Sasa tuyapitie yale yenye mtego.

Chanjo: andika jina na siku, na andika kilichobaki

Jibu la kwanza lina sehemu mbili, na ya pili ndiyo wauzaji wanaiacha. Sehemu ya kwanza ni ulichofanya. Ratiba niliyoiweka pale ndiyo wafugaji wengi wanaifuata, lakini usinakili kama wewe hukuifuata. Andika yale tu uliyoyafanya na ambayo daftari lako linaonyesha. Kama siku ya 28 ilikupita, andika kwamba Gumboro ya pili bado. Kama huna uhakika kama walikototoleshwa walipewa Mareks, waulize waliokuuzia, na kama huna jibu usiandike.

Utapoteza mteja mmoja mmoja kwa kusema ukweli huo? Inawezekana. Ila huyo ndiye ambaye angerudi baada ya wiki tatu akiwa na picha za kuku waliokufa.

Sehemu ya pili ni kile kilichobaki kwa mnunuzi. Hapa ndipo unapookoa banda la mtu. Akijua ndui inakuja wiki ya 6 hadi ya 8, siku anapopita Kariakoo kununua vyombo vya maji na chakula ataulizia na chanjo kwenye duka la dawa za mifugo. Akishajua kwamba kideri kinarudiwa kila baada ya miezi mitatu, ataweka kwenye kalenda. Mkumbushe pia akaichukue na barafu kwenye chombo cha kutunza ubaridi. Chanjo nyingi zinazouzwa madukani zinaharibika kwenye joto, na safari ya daladala mchana wa Dar inatosha kuiua.

Umri: siku, na tarehe ya kutotolewa

"Wiki nne" ukiandika leo, wiki ijayo tangazo lile lile linadanganya. Watu wanapiga picha ya skrini na kutumiana, kwa hiyo tangazo linaishi muda mrefu kuliko unavyodhani. Ukiweza, kwenye katalogi ya WhatsApp andika tarehe waliyototolewa. Mteja anahesabu mwenyewe, na pia anajua chanjo inayofuata ni lini. Kwa tangazo la siku moja, "siku 30" na tarehe ya tangazo inatosha.

Ndiyo maana nasisitiza tarehe kwenye bei pia. Bila tarehe, mtu anakuja miezi miwili baadaye na picha ya skrini ya Sh 5,500 na kukwambia umemdanganya. Tarehe ikiwepo, mazungumzo yanaisha kwa heshima.

"Mpo Kariakoo?"

Hili ni swali la kipekee la mji huu. Mtu wa mjini, na zaidi mtu wa mkoani, akisikia biashara ipo Dar anafikiria Kariakoo. Hata kuku. Vifaa vya ufugaji ananunua huko, mbegu ananunua huko, kwa nini vifaranga wasiwe huko? Ukiandika "tupo Dar" umemruhusu aamini hivyo. Anashuka Gerezani, anakupigia, unamwambia Chanika, na hapo mmeshakosana kabla hamjaonana.

Kwa hiyo jibu swali kama linavyoulizwa. Sema kwanza banda lipo wapi, kisha sema Kariakoo unafika lini, saa ngapi, na kuanzia vifaranga wangapi. Siku maalumu zinakusaidia kukusanya oda tatu nne kwa safari moja badala ya kumkimbilia kila mtu na boda. Saa 1 asubuhi nimeiweka kwa makusudi: vifaranga wa mwezi mmoja ndani ya kreti, kwenye foleni ya saa 7 mchana, wanakufa kwa joto.

Na mahali pakibadilika, badilisha jibu siku hiyo hiyo. Waliokuwa wakifanya biashara Kariakoo Julai 2021, soko lilipoungua, wanajua ilivyo kazi kumwelekeza mteja ambaye kichwani kwake bado una meza pale pale.

Halafu kile kipande cha "bandani haingii mtu". Wafugaji wengi wanaona aibu kumwambia mteja hivyo uso kwa uso, wanaona kama dharau. Ukiliandika mapema linakuwa utaratibu wa banda. Mteja wako leo huenda ametoka kuangalia mabanda mengine mawili, au amepita sokoni kwa wauza kuku, na viatu vyake vimebeba ulichokuwa unakikimbia. Mtolee nje achague, na kama ana swali la mazingira, mwonyeshe kwa video ya simu.

Wakifa je: amua kwanza, ndipo uandike

Swali hili wengi wanalikwepa kwa sababu hawajaamua. Wanasubiri litokee ndipo wabishane. Nawashauri mkae muamue leo.

Mimi naunga mkono saa 24, na sababu ni hii. Kifaranga aliyeumia kwenye usafiri, aliyebanwa kwenye kreti au aliyetoka bandani akiwa dhaifu, mara nyingi anaonekana ndani ya muda huo. Baada ya hapo kinachomuua kinaweza kuwa chako au cha mteja, na hakuna anayeweza kuamua kwa picha. Kideri, kwa mfano, mara nyingi kinaonekana siku tano au sita baada ya maambukizi, na wakati mwingine kinachelewa zaidi. Ukiahidi wiki nzima, unaweza kulipia ugonjwa uliomkuta kwa mteja.

Lakini tuwe wakweli, na kinyume chake kipo. Ugonjwa uliotoka kwako unaweza kuonekana siku ya tano, na saa 24 zimeshapita. Kwa hiyo mteja hajalindwa kabisa, na ndiyo sababu nasema jibu la sita haliwezi kusimama bila jibu la kwanza. Mpe mnunuzi karatasi ya chanjo yenye tarehe, na kama bandani kwako vifo vimeanza, usiuze. Hakuna maneno ya tangazo yanayoweza kusafisha hilo.

Na kamwe usiandike "hawafi". Hakuna vifaranga wasiokufa.

Mapatano ya bei na uoga wa kutapeliwa

Nilisema fungu la tatu linaweza kupunguzwa. Angalia mstari wa bei: Sh 6,000 kwa mmoja, Sh 5,500 kuanzia mia. Huu ni utaratibu wa jumla na rejareja ambao kila mtu aliyekanyaga Kariakoo anaujua. Anayeuliza "mwisho bei gani?" tayari ameona njia ya kupata punguzo, nayo ni kuongeza idadi. Bado watakaokuomba upunguze watakuwepo, ila utakuwa na pa kusimamia: "Kaka, ukifikisha mia ni elfu tano na mia tano." Mteja haoni kama umemkatalia.

Uoga wa kutapeliwa unapunguzwa na jibu la tano. Anayekuja analipa akishahesabu, anayeletewa anatanguliza robo tu. Mwambie pia jina litakalotokea kwenye simu akianza kulipa, na lifanane na jina la biashara yako. Likitokea jina la mtu mwingine kabisa, hata kama ni la dada yako, mteja anafuta muamala, na ana haki.

Uyaweke wapi

Kwenye stori ya WhatsApp yanapotea baada ya saa 24, kwa hiyo stori iwe ya picha na bei tu. Maswali na majibu yakae kwenye maelezo ya bidhaa ndani ya katalogi ya WhatsApp Business. Kisha yahifadhi pia kwenye Quick replies, ukiyapa jina fupi kama "chotara". Mteja akiuliza, unaandika `/chotara` na jibu zima linatokea, unatuma. Kwa anayeuliza jambo moja tu, tengeneza jibu la jambo hilo peke yake, mfano `/chanjo`, usimmwagie yote sita.

Instagram inaonyesha mistari michache ya kwanza tu, mingine inajificha mpaka mtu abonyeze. Kwa hiyo bei, umri na mahali vitangulie. Ukianza na salamu ndefu na emoji kumi, umeficha kile anachokitafuta. Na usiweke majibu yote ndani ya picha kwa maandishi madogo. Hayasomeki kwenye simu ya bei nafuu, na siku bei ikibadilika huwezi kuhariri.

Kama unatangaza sehemu mbili au tatu, hakikisha majibu ni yale yale. Instagram ikisema saa 24 na WhatsApp ikisema saa 48, mteja atashika ile inayompendelea, na hawezi kulaumiwa.

Utajuaje kama yanafanya kazi

Rudi kwenye daftari. Baada ya wiki mbili, chukua watu thelathini wengine, weka fimbo upya. Usitegemee zifike sifuri. Unachotafuta ni meseji ya kwanza ya mteja ibadilike. Zamani ilikuwa "bei gani?", sasa inapaswa kuwa "nataka 60, Ijumaa Gerezani inawezekana?" Huyo ameshasoma, ameshaamua, anapanga tu.

Kama swali moja bado linarudi, usimlaumu mteja. Kwanza angalia lipo nafasi ya ngapi, labda liko chini sana, lipandishe. Pili angalia maneno. Ukiandika "chanjo zote muhimu zimetolewa", atauliza tena, kwa sababu hujamjibu. Tatu, angalia kama jibu limezeeka.

Na kama meseji zimepungua lakini na mauzo yamepungua, soma tena majibu yako kama mteja. Huenda kuna sharti linalofukuza watu, mfano kiwango cha kuanzia 50 wakati wateja wako wengi wanataka 20. Hapo shida ni sharti lenyewe, na ni bora umelijua.

Jambo la mwisho. Kuna watu hawatasoma kamwe. Mama anayefuga uani Ilala atakupigia simu, au atakutumia meseji ya sauti, na atauliza yote kuanzia la kwanza. Mjibu. Usimwandikie "soma maelezo", hiyo ni lugha ya kumfukuza mteja. Kazi ya yale maswali sita ni kuwapunguza wale wanaoweza kujihudumia wenyewe, ili wewe upate muda wa kuongea vizuri na huyu mama, na muda wa kusimama bandani jioni ukiangalia vifaranga wamelalaje.

Wiki hii usibadilishe tangazo kwanza. Anza na daftari na watu thelathini. Ukipata orodha yako, iandike kwenye maoni hapa chini tuijadili, hasa wale wa miche na mboga, maana maswali ya wateja wenu si haya ya kuku.